Lugha ya alama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sarufi ya mikono, uso na hewa

Nimekua na dada kiziwi, na kwa miaka 15 sasa nafanya ukalimani wa lugha ya alama Dar es Salaam. Maswali haya nimeulizwa kwenye daladala, misibani, na kwenye vikao vya shule, mengine na watu ambao watoto wao wenyewe ni viziwi. Nasema "alama" kama tulivyozoea Tanzania. Kenya wanasema lugha ya ishara, na maana ni ileile. Hapa chini nikiandika "ishara" peke yake nina maana ya zile za kila mtu, kama kumpungia mkono konda asimame.

Lugha ya alama si Kiswahili kinachosemwa kwa mikono?

Hapana. Dada yangu hachukui sentensi ya Kiswahili kichwani akaigeuza neno kwa neno. Anaanza na wazo, kama wewe, na wazo linatokea mikononi kwa mpangilio wa Lugha ya Alama ya Tanzania, ambao si mpangilio wa Kiswahili.

Ushahidi ulio rahisi kuushika uko mbali na kwetu. Marekani na Uingereza wote wanasema Kiingereza, lakini kiziwi wa London akikutana na kiziwi wa New York, lugha zao za alama haziingiliani. Hata herufi za vidole ni tofauti: Mwingereza anatumia mikono miwili, Mmarekani mmoja. Huyo Mmarekani atapata nafuu zaidi akiwa Paris, kwa sababu mwaka 1817 kiziwi Mfaransa, Laurent Clerc, alishirikiana na Thomas Gallaudet kufungua shule ya viziwi Hartford, na lugha ya alama ya Kifaransa ikaingia Marekani kupitia kwake. Kama alama zingekuwa Kiingereza cha mikono, Mwingereza na Mmarekani ndio wangeelewana kwanza.

Lakini mimi nikitazama naona kama maigizo. Mtu anaigiza kula, anaigiza kulala.

Unayoona ni yale unayoyatambua, na yale usiyoyatambua yanakupita. Ni kweli alama nyingi zina mfanano na kitu chenyewe. Lakini mfanano huo unauona ukishaambiwa maana. Watafiti Edward Klima na Ursula Bellugi waliwaonyesha watu wasiojua lugha ya alama ya Kimarekani alama 90 na kuwaomba wakisie maana yake. Alama chache tu ndizo zilizokisiwa sawasawa.

Chukua mti. Mmarekani anasimamisha mkono wa mbele kama shina, vidole vimetawanyika juu kama matawi, na kiganja kinatikisika. Kiziwi wa Denmaki anachora hewani umbo la kichwa cha mti kwa mikono miwili, kisha anashuka na shina. Mchina anashika shina kwa mikono miwili na kuipandisha. Zote tatu zinafanana na mti, na hakuna inayofanana na mwenzake. Kila jamii ilichagua kipande cha mti ikakifanya kuwa neno, na ukikosea ukatumia kipande kingine, hujasema neno hilo. Kiswahili nacho kina kuku anayetetea na paka anayelia nyau, na hakuna anayesema kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili ni kuiga sauti za wanyama.

Alama moja inaundwa na nini?

Mwaka 1960 mwalimu wa Kiingereza katika chuo cha Gallaudet, Washington, William Stokoe, alichapisha uchambuzi ambao wenzake wengi waliubeza. Alionyesha kwamba alama haishikwi nzima kama picha. Inavunjika vipande vidogo visivyo na maana peke yake, kama vile sauti "p" na "b" zisivyo na maana peke yake lakini zinatenganisha "pata" na "bata". Vipande alivyovitaja ni vitatu: umbo la mkono, mahali unapowekwa, na mwendo wake. Waliomfuata wakaongeza uelekeo wa kiganja na kazi ya uso.

Mfano unaopendwa wa Kimarekani ni huu. Pitisha kidole cha shahada mbele ya paji la uso huku ukikikunja: umesema majira ya joto. Kidole hichohicho, mwendo uleule, ukikipitisha mbele ya pua umesema "mbaya wa sura". Ukishuka hadi kidevuni umesema "kavu". Kilichobadilika ni mahali tu, sentimita chache. Mwanafunzi wangu anayeweka mkono "hapo karibukaribu" na kuniambia "si utanielewa tu" anafanya kosa sawa na la mtu anayesema "bata" akitaka kusema "pata".

Haya, maneno nimekubali. Sarufi iko wapi?

Sehemu kubwa iko hewani, mbele ya kifua cha anayeongea. Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Ukisema "ninakupa", neno moja limebeba mtoaji, wakati, mpokeaji na kitendo. Ukisema "unanipa" umebadili viambishi na watu wamebadilishana nafasi. Hufikirii, inatoka tu. Lugha ya alama inafanya kazi hiyohiyo, ila badala ya viambishi inatumia mahali. Mkono unaotoka kifuani kwangu kuelekea kwako ni "ninakupa". Mkono uleule ukianzia kwako ukaishia kifuani kwangu ni "unanipa". Mwanzo wa mwendo ni mtenda, mwisho wa mwendo ni mtendwa.

Na kama watu wenyewe hawapo? Unawapangia viti hewani. Tuseme nataka kusema: "Jana shangazi alimpa Asha kitabu, Asha akanipa mimi." Waandishi wa sarufi ya alama huandika alama kwa herufi kubwa, na sentensi hiyo inaweza kuwa hivi:

```
JANA   KITABU   SHANGAZI (kulia)   ASHA (kushoto)
kulia-PA-kushoto
kushoto-PA-mimi
```

Tazama hatua kwa hatua. Kwanza naweka wakati, jana. Kisha nataja kitabu. Natoa alama ya shangazi na kuonyesha nukta upande wangu wa kulia: kuanzia sasa nukta ile ni shangazi. Natoa alama ya Asha na kuonyesha kushoto. Sasa kitenzi. Mkono umekaa kana kwamba umeshika kitu bapa, unatoka kulia kwenda kushoto, na macho yangu yanausindikiza. Hiyo ni "alimpa". Halafu mkono unaondoka kushoto kuja kifuani kwangu. Hiyo ni "akanipa". Asha sikumtaja tena, wala kitabu. Hakuna haja, kwa sababu kushoto ni Asha na umbo la mkono linasema kitu ni kilekile.

Utaona pia kwamba "jana" imetajwa mara moja na vitenzi vyenyewe havina alama ya wakati uliopita. Msikilizaji wa Kiswahili asishangae. Ukisimulia unasema "nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi", na ile "-li-" huirudii, kwa kuwa ukishaweka wakati, "-ka-" inaendeleza safari. Kiziwi anaweka wakati mwanzoni, na unabaki pale hadi aubadilishe.

Si kila kitenzi kinasafiri. Katika lugha nyingi za alama, vitenzi vinavyogusa mwili, kama vile kupenda au kula, vimefungwa mahali pake. Huwezi kuking'oa "kupenda" kifuani ukakitupa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa vitenzi hivyo inabidi utaje au uonyeshe nani na nani kwa alama za pembeni. Mwanafunzi akifika hapa hukosea kwa namna moja kati ya mbili: ama anavisafirisha vyote, ama anavigandisha vyote. Sheria ipo, na viziwi wanajua papo hapo umeivunja, hata kama hawakufundishwa darasani jina la sheria hiyo.

Na ukikosea viti hivyo vya hewani?

Inaharibika vibaya, na mimi mwenyewe niliwahi kuharibu. Ilikuwa kikao cha familia kuhusu shamba, nikiwa bado mgeni wa kazi. Mzee mmoja kiziwi alikaa mbele yangu. Mdogo wake aliyeuza kipande cha shamba nilimweka kulia, mnunuzi nikamweka kushoto. Mambo yakaenda vizuri kwa dakika kumi hivi. Kisha shemeji akasimama, akaanza kueleza habari za jirani wa zamani aliyewahi kuuza eneo la mpakani. Nilikuwa nimechoka, nikamtaja jirani na kumweka kulia, bila kumwondoa mdogo mtu. Nikaendelea: "akauza, akapewa pesa, akaondoka", mikono yote ikianzia kulia.

Mzee akaninyooshea mkono nisimame. Akaonyesha nukta ile ya kulia, nyusi zimeshuka na kichwa kimeinama mbele kidogo: nani huyu? Aliponiuliza hivyo ndipo nilipoona nilichofanya. Kwa dakika nzima nilikuwa namwambia kwamba mdogo wake ameuza shamba mara mbili. Alama zote nilizotoa zilikuwa sahihi, moja moja. Kosa lilikuwa la sarufi tupu, sawa na kusema "ali-" bila msikilizaji kujua ni ya nani. Nilimwomba radhi mzee, nikaifuta ile kulia, nikampangia jirani nafasi ya katikati mbali kidogo na kifua, tukaanza upya. Akanijibu kwa alama, "Mwanangu, weka watu vizuri kwanza, maneno yatakuja."

Kwa nini wanakunja uso hivyo? Wamekasirika?

Hawajakasirika, wanaongea. Sema "umekula" kwa kawaida, kisha sema "umekula?" Maneno ni yaleyale, sauti tu imepanda, na sauti hiyo ndiyo iliyofanya swali. Katika lugha ya alama kazi hiyo inafanywa na uso. Katika lugha nyingi za alama, zikiwemo tunazokutana nazo huku, nyusi zikipanda katika sentensi ileile, umeulizwa swali la ndiyo au hapana. Kwa swali la "nani", "wapi" au "kwa nini", mara nyingi nyusi hushuka na kukaza, kama za mzee yule. Kichwa kikitikiswa huku mikono ikisema "kula", sentensi inakuwa ya kukanusha.

Uso pia unafunga sentensi ndefu. Ukitaka kusema "mvua ikinyesha, siji", nyusi zinapanda juu ya "mvua kunyesha", zinakaa juu hadi sehemu hiyo iishe, kisha zinashuka na sehemu ya pili inafuata na kichwa kinachokanusha. Ile "-ki-" ya "ikinyesha" iko kwenye nyusi. Ukiangalia mikono peke yake utadhani ni taarifa mbili: mvua inanyesha, siji.

Mdomo nao umo katika kazi hiyo ya uso, ndiyo maana barakoa za kipindi cha Uviko-19 ziliwatesa sana viziwi. Wengi walidhani shida ni kutosoma midomo. Kwa aongeaye kwa alama, kufunika nusu ya uso ni kufuta sehemu ya sarufi.

Nimeona mkalimani anafanya mkono kuwa gari. Hiyo si kuigiza?

Hiyo ni jambo la karibu na ngeli zetu. Ukisikia "kimeanguka" hujui ni kitu gani hasa, lakini unajua si mtu wala si mti. Kiambishi kimekupa kundi. Lugha za alama nyingi zina maumbo ya mkono yanayofanya kazi ya namna hiyo: umbo moja kwa mtu aliyesimama, mara nyingi kidole cha shahada kikiwa wima, jingine kwa chombo cha usafiri, jingine kwa kitu bapa, jingine kwa kitu cha duara. Na maumbo hayo hayako huru. Mmarekani anatumia dole gumba, cha shahada na cha kati kwa gari, baiskeli, hata meli. Mwingereza anatumia kiganja bapa kwa gari. Kama yangekuwa maigizo, kila mtu angebuni lake.

Sema bodaboda imemkosakosa mtoto. Kwanza unataja bodaboda kwa alama yake, kisha mkono wa kulia unachukua umbo la chombo. Unataja mtoto, mkono wa kushoto unasimamisha kidole. Kisha mikono yote miwili inatembea kwa pamoja: chombo kinakuja kasi, kinapinda mbele ya kidole, kidole kinarudi nyuma. Kwa mwendo mmoja umesema nani alikuwa wapi, alitoka upande gani, alipita umbali gani na nani aliruka. Ukianza na maumbo bila kutaja kwanza, msikilizaji atakuuliza, kama ambavyo wewe ungeuliza mtu aliyeingia ndani na kusema "kimeanguka!" bila zaidi.

Basi lazima iwe polepole.

Watafiti wa Marekani walilipima hili katika miaka ya 1970. Alama moja huchukua takriban mara mbili ya muda wa neno moja la kusemwa, kwa kuwa mkono ni mzito kuliko ulimi. Lakini walipopima mawazo kamili, muda ulikuwa karibu sawa. Mfano wa bodaboda unaonyesha sababu: mikono miwili, uso na mwelekeo vinasema kwa wakati mmoja, ilhali mdomo hutoa neno moja baada ya jingine.

Kwa nini shule zisifundishe kwa kufuata Kiswahili neno kwa neno, ili watoto wajue kuandika?

Jambo hili limejaribiwa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ambako kwa miaka mingi madarasa yalitumia alama zilizopangwa kwa kufuata Kiingereza. Nia ilikuwa njema, na tatizo ni la kiufundi. Chukua neno "sijamwona". Ndani yake kuna kanusho, mtenda, "bado", mtendwa na kitendo. Ukitaka kulifuata kipande kwa kipande unahitaji alama tano, na nne kati yake ni alama za kubuni. Lugha ya alama yenyewe inasema hivyo kwa kitenzi cha kuona kilichoelekezwa pale alipowekwa mtu yule, pamoja na kanusho. Ukilazimisha alama tano, mtoto anachelewa, mwalimu anachoka na kuanza kuacha vipande, na mtoto anabaki na kitu ambacho si Kiswahili kamili wala si lugha ya alama.

Unaweza kuutambua mtindo huo hata kama hujui alama. Uso umetulia kama wa picha ya pasipoti, mikono yote inatendeka katikati ya kifua bila kwenda kulia wala kushoto, na midomo inataja kila neno. Nikiona mkalimani wa namna hiyo kwenye runinga, huwa nawaza viziwi walioko nyumbani wanapata nusu ya habari.

Kiziwi akijua kusoma, si anaandikiwa tu?

Wengine wanasoma Kiswahili vizuri sana. Lakini kwa kiziwi wa kuzaliwa, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili aliyojifunza bila kuisikia. Dada yangu aliwahi kupewa karatasi kwenye zahanati moja: "usinywe dawa hii kabla ya kula". Aliyajua maneno yote. Kilichompita ni ile "usi-" ndogo mwanzoni, akanywa dawa tumbo likiwa tupu. Kwa alama ungeweka chakula kwanza, kwisha, kisha dawa, na usingeacha nafasi ya kukosea.

Herufi za vidole ndiyo lugha yenyewe?

Hapana, ni daraja la kuazima majina. Ukitaka kusema jina la mtu au mtaa usio na alama, unaliendeleza herufi kwa herufi. Mtu aliyejifunza herufi tu amejifunza a-be-che-de, hajajifunza lugha.

Nani alizitunga lugha hizi?

Hakuna mtu mmoja. Zinazaliwa pale viziwi wanapokutana wakiwa wengi, na hasa pale watoto wanapokuwamo.

Kisa kilichoshuhudiwa kwa karibu zaidi ni cha Nikaragua. Hadi miaka ya 1970 viziwi wa huko walikaa kila mmoja kwao, na ishara za nyumbani tu. Shule ikafunguliwa Managua mwaka 1977, nyingine ya ufundi ikafuata mwaka 1980, na mamia ya watoto wakakutanishwa. Walimu walifundisha Kihispania na kusoma midomo, bila mafanikio makubwa. Uwanjani na kwenye mabasi watoto walikuwa wakichanganya ishara zao. Mwaka 1986 mwanaisimu Judy Kegl aliitwa kutazama kilichokuwa kikitokea. Kilichowashangaza watafiti waliofuata, Ann Senghas akiwemo, ni tofauti kati ya waliotangulia na waliokuja baadaye wakiwa wadogo. Wale wa kwanza walitumia nafasi hewani bila utaratibu thabiti. Wadogo waliifanya iwe sheria: vitenzi viwili vikielekezwa upande mmoja, vinamhusu mtu mmoja. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Viti vile vya hewani nilivyovieleza walivipanga watoto wenyewe.

Lakini nisiseme kila lugha ya alama imefuata njia hiyo. Kwa Waarabu wa kabila la Al-Sayyid, katika jangwa la Negev, uziwi wa kurithi umezaa lugha ya alama ya kijiji. Huko vitenzi havikusafiri hewani kati ya mtenda na mtendwa. Kazi hiyo ilifanywa na mpangilio: mtenda kwanza, mtendwa pili, kitendo mwisho. Mpangilio huo si wa Kiarabu wanachosema majirani wao, wala si wa Kiebrania.

Kwetu mbegu ni shule pia. Ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, ya Buguruni mwaka 1974, na nyingine zikafuata. Kwa kuwa watoto wa shule moja hawakukutana na wa nyingine, kila shule ilikuza alama zake, na hadi leo mtu mzima akiongea naweza kuhisi alisomea wapi. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimefanya kazi kubwa ya kukusanya alama hizo na kuzitengenezea kamusi. Kongo na Burundi utakuta alama nyingi zenye asili ya Marekani, kwa sababu ya Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi aliyeanza na shule nchini Ghana mwaka 1957 na kufungua zaidi ya 30 barani Afrika. Alifariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Kenya wamefika mbali kisheria: Katiba ya mwaka 2010 inataja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Ni sawa kumwita mtu bubu?

Hapana. Anaongea. Mwite kiziwi, ndivyo wenyewe wanavyojiita.

Tunajuaje kwamba kichwani nayo ni lugha, si ishara nzurinzuri tu?

Njia moja ni ya huzuni. Viziwi waliopata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, ule unaoharibu usemi wa wanaosikia, hupoteza alama. Mwingine anatoa alama moja moja kwa shida na viambatanisho vyote vimedondoka, ilhali mkono huohuo unaweza kushika kikombe au kuiga kitendo. Walioumia upande wa kulia wanaweza kushindwa hata kuchora nyumba, na bado wanaongea kwa alama kwa ufasaha.

Njia ya pili ni ya watoto, na hii naipenda zaidi. "Mimi" na "wewe" katika lugha ya alama ya Kimarekani ni kuonyesha kidole tu: kifuani kwangu, au kwako. Hakuna alama iliyo wazi kuliko hiyo. Ungetegemea mtoto kiziwi asiikosee kamwe. Laura-Ann Petitto alifuatilia watoto waliozaliwa na wazazi viziwi. Kabla hawajatimiza mwaka walionyesha watu na vitu kwa kidole, kama watoto wote. Kisha kwa miezi kadhaa wakaacha kuonyesha watu, ingawa vitu waliendelea kuvionyesha. Walipokaribia miaka miwili kidole kilirudi, na mtoto akaonyesha mama yake akimaanisha "mimi".

Ni kosa lilelile la mtoto anayesikia anayeambiwa "wewe" kila siku, akadhani "wewe" ni jina lake. Kidole kilikuwa kimeacha kuwa ishara, kimekuwa neno, na neno linaweza kukosewa. Mama mmoja niliyemsimulia hili, mtoto wake kiziwi akiwa mapajani, aliniuliza kama amkataze. Nilimwambia amjibu tu kwa alama sahihi. Baada ya miezi michache watoto wale wa Petitto walijirekebisha, kidole kikarudi kifuani kwao wenyewe.